Meseji ya M-Pesa haikuandikiwa mashine

Kijana wa Nairobi anayejua kuandika programu hachelewi kupata wazo hili. Duka linalipwa kwa M-Pesa, meseji ya uthibitisho inaingia kwenye simu ya mwenye duka, na karani anangoja kuambiwa "imeingia" ndipo aachie mzigo. Mwenye duka akienda benki au akiwa kwenye matatu bila mtandao, wateja wanapanga foleni. Basi kwa nini programu isiisome ile meseji, ichomoe kiasi na jina la mteja, kisha iweke alama ya "imelipwa" kwenye oda? Kijana anaiandika, inafanya kazi vizuri kwenye simu yake, anaipeleka Play Store, na inakataliwa kwa sababu ya mstari mmoja unaoomba ruhusa ya kusoma meseji:

```
<uses-permission android:name="android.permission.READ_SMS" />
```

Hapo ndipo huanza malalamiko kwamba kampuni kubwa za Marekani hazielewi biashara ya Afrika. Mimi naona katazo hili lina haki kuliko linavyopewa, ingawa kuna watu linawaumiza bure, nao nitawafikia.

Kosa la msingi liko kwenye umbo la ruhusa yenyewe. Android haina namna ya kusema "nipe meseji zinazotoka MPESA tu". `READ_SMS` hufungua kisanduku chote: meseji za benki, nambari za siri za kuingilia akaunti, majibu ya maabara, maneno ya mke na mume. Ruhusa ya `RECEIVE_SMS` nayo huipa programu kila meseji mpya pale inapofika, awe ni nani aliyeituma. Ni kama kumwachia fundi wa bomba ufunguo wa nyumba nzima kwa sababu ya mfereji wa jikoni. Mtumiaji akishabonyeza kukubali, kijana wetu mwenye nia njema na mwizi wanashika kitu kile kile, na duka la programu haliwezi kuwatofautisha kwa kutazama ruhusa waliyoomba.

Na wezi walikuwa wengi. Kundi la programu hasidi linaloitwa Joker, ambalo Google huliita Bread, lilianza kwa kutuma meseji za malipo ya juu kimyakimya kutoka simu za watu, gharama ikiongezwa kwenye bili yao. Sheria za meseji zilipokazwa, likahamia kwenye ulaghai wa malipo yanayokatwa na kampuni ya simu kupitia kurasa za wavuti. Januari 2020 Google ilisema imeshaondoa programu zipatazo 1,700 za kundi hilo. Wapo pia wale wanaosubiri nambari ya siri ya benki ifike, waisome kabla mwenyewe hajaitazama, kisha waifute arifa.

Hapa Kenya tulikuwa na namna yetu ya kutumia ruhusa hiyo, nayo haikuwa wizi kwa maana ya kawaida. Programu za mikopo zilisoma meseji za M-Pesa ili kupima kama mtu anakopesheka. Ukitazama miezi sita ya meseji za mtu unajua anapata kiasi gani, analipa nyumba tarehe ngapi, anabeti mara ngapi, na anamtumia nani pesa kila Ijumaa. Mkopaji alikubali, ndiyo. Alikubali akiwa anahitaji shilingi elfu mbili kabla ya jioni. Yule aliyemtumia pesa kutoka Kakamega hakuulizwa na mtu, na jina lake limo kwenye meseji ile ile.

Oktoba 2018 Google ilitangaza sheria mpya, na kuanzia Januari 2019 ikaanza kuziondoa programu zisizoitii. Kwa kifupi, programu inayoomba ruhusa za meseji au za kumbukumbu ya simu lazima iwe ndiyo programu kuu ya meseji, ya kupiga simu au ya msaidizi ambayo mtumiaji ameichagua kwenye mipangilio ya simu, au iwe ndani ya orodha fupi ya matumizi yaliyosamehewa. Baadaye Google ilisema idadi ya programu zinazofikia data hizo ilishuka kwa zaidi ya asilimia 98. Mimi huisoma takwimu hiyo hivi: nyingi ya programu hizo hazikuhitaji meseji zako hata kidogo. Apple haikuwahi kuingia kwenye ugomvi huu kwa sababu kwenye iPhone programu ya kawaida haijawahi kupewa njia ya kusoma kisanduku cha meseji.

Orodha ya msamaha inafaa kusomwa polepole, maana wengi hukata tamaa bila kuifungua. Ndani yake kuna programu za kuhifadhi nakala, za kukinga meseji za ulaghai, za kusimamia bajeti kwa kutumia meseji za fedha, na hata za kuendesha kazi za simu zenyewe pale mtumiaji anapoweka masharti yake. Ndiyo maana Tasker, programu ya kuendesha kazi za namna hiyo, bado ipo Play Store. Lakini msamaha huombwa kwa fomu ya tamko ndani ya Play Console, mtu huipitia, na swali lake ni moja: je, programu yako ikinyimwa ruhusa hii, kazi yake kuu inakufa? Programu ya kuuza vipuri ambayo pia inasoma meseji itajibiwa hapana. Daftari la matumizi linaloishi kwa meseji za M-Pesa lina nafasi, ilimradi lifanye hilo na lisifanye jingine kando.

Wapo wanaoukwepa mlango wa duka kabisa na kutuma faili la kusakinisha programu, APK, kwa WhatsApp. Njia hiyo imebanwa pia, na Kenya imo kwenye orodha ya nchi zilizoanza kubanwa mapema. Play Protect, mfumo wa Google unaokagua programu kwenye simu, ina ulinzi wa ziada uliojaribiwa kwanza Singapore mwaka 2024, kisha ukaletwa Kenya na nchi nyingine kadhaa. Ulinzi huo huzuia usakinishaji wa programu iliyopakuliwa kwenye kivinjari, kwenye programu za kuchati au kwenye kidhibiti faili ikiwa inaomba kusoma au kupokea meseji, kusikiliza arifa, au kutumia huduma ya ufikivu. Angalia kwamba arifa zimo. Wengi walikuwa wamehamia huko: badala ya kusoma meseji, programu inasoma arifa inayotokea juu ya skrini. Hata pale inaporuhusiwa, njia hiyo inachechemea. Arifa mbili zinaweza kuunganishwa kuwa moja, maneno yakakatwa katikati, na simu ikizima programu ili kuokoa betri, malipo ya saa sita mchana yanapita bila mtu kujua.

Lakini tuseme ruhusa imepatikana, kwa njia yoyote ile. Bado ningemwambia kijana aachane na wazo lake, na sababu yangu haina uhusiano na Google.

Chukua duka la vipuri vya pikipiki pale Kirinyaga Road, sehemu ambayo wenyeji wanaiita Grogan. Mteja yuko Kitui, anataka seti ya klachi ya shilingi 4,500, atumiwe kwa basi la jioni. Analipa. Programu inangoja meseji yenye maneno "Confirmed. You have received Ksh4,500.00 from". Walaghai wa mji huu wanayajua maneno hayo kuliko aliyeandika programu. Wanatunga meseji inayofanana hadi nukta, wanaituma kutoka laini ya kawaida, na programu inayotazama maneno peke yake inaamini. Basi unaongeza sharti kwamba mtumaji awe "MPESA". Hiyo inaondoa walaghai wavivu, lakini jina la mtumaji ni maandishi tu yanayobebwa pamoja na meseji. Mtandao wa meseji haukujengwa kuwa na sahihi ambayo simu inaweza kuikagua.

Halafu maneno hubadilika. Siku sentensi ikiongezwa neno, au tangazo likiwekwa mwishoni, kichujio cha programu kinaacha kutambua malipo, na hakitoi kelele, kinanyamaza tu. Mwenye duka atagundua pale mteja wa tatu anapopiga simu kuuliza mzigo. Na kuna malipo yanayorudishwa: mteja akidai alituma kimakosa, meseji ya kurudisha huwa na sura nyingine, na programu iliyofunzwa sura moja itaendelea kuonyesha "imelipwa". Meseji iliandikwa ili binadamu aitazame, atilie shaka, ajiridhishe kwa kuangalia salio. Ukimwondoa binadamu huyo, umebaki na sentensi.

Kinachotakiwa ni kwenda mahali meseji inapozaliwa. Safaricom ilifungua Daraja, jukwaa la kuunganisha programu za watu na M-Pesa, mwaka 2017 kwa ajili ya kazi hii. Duka likiwa na nambari ya biashara, Paybill au Till, unasajili anwani mbili za seva yako, `ValidationURL` na `ConfirmationURL`. Ya kwanza, ukiomba iwashwe, huulizwa kabla pesa haijapokelewa: malipo haya nayakubali? Ya pili hupewa taarifa malipo yakishakamilika. Kwa klachi yetu, seva itapokea kitu cha namna hii, hapa nimekipunguza:

```json
{
  "TransID": "SGM4K7XP2Q",
  "TransTime": "20240722101530",
  "TransAmount": "4500.00",
  "BusinessShortCode": "600000",
  "BillRefNumber": "KLACHI118"
}
```

Hakuna sentensi ya kuchambua. Kiasi kiko mahali pake, wakati uko mahali pake. Sehemu yenye thamani kubwa kwa duka hili ni `BillRefNumber`: ndiyo nambari ya akaunti ambayo mteja aliandika alipolipa Paybill. Ukimpa mteja wa Kitui nambari ya oda yake aiandike hapo, malipo yanajifunga yenyewe kwenye oda. Till haina nafasi hiyo, kwa hivyo sehemu hiyo huja tupu na unabaki kulinganisha kiasi na muda, jambo ambalo halina shida siku ya wateja wanne na ni vurugu siku ya wateja arobaini. Usitegemee nambari ya simu pia, maana huletwa ikiwa imefichwa ili kulinda faragha ya aliyelipa. Kwa biashara inayouza mikoani ningechagua Paybill bila kusita.

Sasa matatizo, maana Daraja nayo ina yake. Kwanza seva lazima iwe na anwani ya HTTPS inayofikika hadharani, na anwani isiwe na maneno kama "mpesa" au "safaricom" ndani yake. Watu wamepoteza siku nzima wakitafuta kosa kwenye programu, kumbe ni jina waliloipa anwani. Kwenye mfumo halisi, anwani husajiliwa mara moja. Ukitaka kuibadilisha, ile ya zamani lazima ifutwe kwanza. Kwa hivyo usisajili anwani ya majaribio ya kompyuta yako ukiwa na haraka ya kumwonyesha mteja kwamba inafanya kazi.

Pili, taarifa moja inaweza kufika zaidi ya mara moja, na nyingine isifike kabisa kwa sababu seva yako ilizimika dakika ile. Dawa ya kwanza ni kuifanya `TransID` kuwa ufunguo wa pekee kwenye hifadhidata, ili malipo yale yale yakiletwa tena yasiandikwe mara mbili. Dawa ya pili ni usuluhishi wa jioni: pakua taarifa ya malipo ya siku kwenye tovuti ya biashara ya M-Pesa, ilinganishe na ulichonacho, mstari kwa mstari. Tofauti ikitokea upande wa M-Pesa, taarifa ilipotea njiani. Ikitokea upande wako, yaani una malipo ambayo M-Pesa haina, simamisha kila kitu, kwa sababu kuna mtu anakutumia taarifa za uongo.

Hilo la mwisho linawezekana zaidi ya watu wanavyodhani. `ConfirmationURL` ni anwani ya wavuti kama nyingine, na yeyote anayeijua anaweza kutuma huko data yenye umbo lile la hapo juu. Ifiche kwa njia ndefu isiyokisika, ruhusu trafiki kutoka anwani za Safaricom pekee, na kwa malipo makubwa uulize upya kupitia huduma ya kuangalia hali ya muamala kabla mzigo haujatoka. Mlaghai wa meseji hafi kwa kuwa umehamia kwenye seva, ila hapa una namna ya kumkagua.

Kuna njia ya pili ndani ya Daraja, ile inayomtokezea mteja dirisha la kuweka PIN kwenye simu yake. Ni rahisi kwa mteja, kwa sababu haandiki Paybill wala nambari ya oda. Kosa la wanaoanza ni moja na linajirudia: seva ikituma ombi inajibiwa na `ResponseCode` yenye 0, na programu inaandika "imelipwa". Ile sifuri inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Malipo yanajulikana baadaye, kwenye taarifa inayorudi na `ResultCode`. Sifuri ya hapo ndiyo pesa. 1032 inamaanisha mteja alighairi, 1037 simu yake haikupatikana au hakujibu kwa muda uliowekwa. Ukichanganya hizo sifuri mbili, utakuwa unagawa vipuri bure kwa kila anayefungua dirisha na kulifunga.

Upande wa kutuma meseji hauhitaji maneno mengi. `SEND_SMS` imefungwa kwa sababu zile zile za Joker. Kama karani anamtaarifu mteja mmoja mmoja, programu inaweza kufungua programu ya meseji ikiwa na maneno tayari kwa kutumia anwani ya `smsto:`, karani akabonyeza kutuma mwenyewe, na hakuna ruhusa inayoombwa. Kama ni meseji mia kwa siku, tumia kampuni ya kupitisha meseji kama Africa's Talking, yenye makao hapa Nairobi. Seva yako inatuma, mteja anaona jina la duka ambalo mitandao imelisajili, na simu ya mwenye duka haihusiki.

Hapo kuna mtego mdogo ambao waandishi wa Kiswahili tunaujua kwa bili. Meseji moja hubeba herufi 160 za seti ya kawaida. Ukiingiza alama moja iliyo nje ya seti hiyo, meseji nzima inahamia mfumo mwingine wenye nafasi 70 tu. Ile alama ya ritifaa iliyonyooka iko ndani ya seti. Ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe ukinakili neno kama "ng'ombe" au "Ng'ang'a", iko nje. Kwa hiyo mteja anayeitwa Ng'ang'a anaweza kukugharimu mara mbili au tatu ya mteja anayeitwa Kamau, kwa meseji ile ile. Badilisha alama hiyo kwenye seva kabla ya kutuma.

Kwa programu inayotaka tu kuthibitisha nambari ya simu ya mtumiaji, Google yenyewe ilitengeneza njia isiyohitaji ruhusa, SMS Retriever: meseji hubeba alama ya herufi 11 inayotambulisha programu moja, na simu huikabidhi programu hiyo meseji hiyo pekee, ndani ya dakika tano. Hii ndiyo inayonikera. Inathibitisha kwamba meseji moja inaweza kutolewa kisandukuni bila kufungua kisanduku chote. Apple nayo, kwenye programu yake ya Shortcuts, humwacha mwenye simu achague mtumaji au neno fulani, kisha kazi fulani ifanyike meseji hiyo ikifika. Android ingeweza kuwa na ruhusa ya mtumaji mmoja, iliyochaguliwa na mtumiaji kwa mkono wake. Badala yake tulipewa katazo kubwa, fomu na mtu wa kuipitia.

Wanaolipia gharama ya uvivu huo ni wale wasio na Paybill wala Till. Mama anayeuza mandazi Kawangware hulipwa kwenye laini yake binafsi, na taarifa za Daraja nilizoeleza zimejengwa juu ya nambari ya biashara. Kwake usajili, seva na anwani ya HTTPS ni mzigo mkubwa kuliko faida ya kujua nani amelipa. Anachoweza kufanya leo ni kutumia Tasker au Shortcuts kwenye simu yake mwenyewe, ili kila meseji kutoka MPESA inakiliwe kwenye jedwali la mauzo. Jedwali hilo litamsaidia kujua Jumatatu aliuza kiasi gani. Lisitumike kuamua kama mteja aliye mbele yake amelipa. Hilo bado linaamuliwa kwa kufungua M-Pesa na kutazama salio.